Choa cha kinena au fangasi ya hamira mikunjoni? Namna ya kuvitofautisha na kuchagua dawa

Mama wa miaka 58 na kijana wake wa miaka 24 waliingia chumba chetu cha ngozi siku moja na tyubu moja ya dawa, imeminywa mpaka ikakunjika. Kijana alikuwa ameanza kuwashwa mapajani, pale paja linapokutana na kinena. Mama alikuwa na ngozi iliyochubuka chini ya matiti yote mawili, na mahali pengine chini ya tumbo, pale linapolalia mapaja. Wote walikuwa wameambiwa wana fangasi, kwa hiyo wakanunua dawa moja ya fangasi wakagawana. Kijana alipaka wiki mbili, akapata nafuu kubwa. Mama alipaka wiki tatu, na hali ikazidi.

"Mwanangu, mbona yeye inamponya mimi inanichonyota?" aliniuliza. Ni swali zuri, na jibu lake ndilo linalomsaidia mtu kuchagua dawa.

Tyubu ile ilikuwa terbinafini ya asilimia 1. Dawa hiyo haina kasoro, ila inafaa zaidi kwa ugonjwa wa kijana kuliko wa mama. Neno "fangasi" tunalitumia kwa viumbe wawili wenye tabia tofauti. Wa kwanza analeta choa, kile kile kinachofanya duara mwilini na kuchubua ngozi kati ya vidole vya miguu. Wa pili ni kandida, fangasi wa jamii ya hamira, ndugu wa yule anayeweka utando mweupe mdomoni mwa mtoto mchanga.

Fangasi wa choa anakula keratini, yaani ile protini ngumu ya tabaka la juu la ngozi, nywele na kucha. Anaanzia sehemu moja, kisha anasonga mbele kutafuta ngozi mpya, na nyuma yake ngozi inaanza kutulia. Ndiyo maana anachora duara au nusu mwezi. Kandida hasafiri hivyo. Wengi wetu tunaishi naye mdomoni na tumboni bila habari. Anachosubiri ni ngozi iliyolowa, iliyolainika kama vidole vilivyokaa majini muda mrefu, mahali penye joto na pasipopita hewa. Akipapata anastawi hapo hapo.

Tofauti hiyo ya tabia ndiyo inayokupa kipimo cha macho kilicho rahisi kuliko vyote: choa ni kikali ukingoni, hamira ni kali ndani kabisa ya mkunjo.

Ukitazama kwa makini utaona nini

Chukua kioo cha mkono, simama mahali penye mwanga wa mchana, na ufungue mkunjo taratibu.

Kwa kijana, doa lilianzia kinenani likateremka kwenye paja la ndani kama nusu mwezi, zaidi upande wa kushoto. Ukingo wake ulikuwa umeinuka kidogo, una magamba madogo makavu na vipele, na ungeweza kuufuata kwa kidole kutoka mwanzo hadi mwisho. Katikati ngozi ilikuwa imetulia, imebaki nyeusi kuliko paja lingine. Mfuko wa korodani ulikuwa mzima kabisa. Hilo la korodani nalitazama kila mara, kwa sababu choa cha kinena kwa kawaida huziacha, ila kandida mara nyingi huzigusa, na wakati mwingine uume pia.

Kwa mama mambo yalikuwa kinyume. Ukingo haukuwa na mstari wa kuufuata. Nilipoinua titi nilikuta ngozi ya ndani imelowa, inang'aa, na kwenye mstari wa chini kabisa wa mkunjo kulikuwa na ufa mwembamba na utando mweupe kidogo. Nje ya eneo kubwa kulikuwa na vipele vidogo vidogo, vingine vyenye usaha kichwani, vimetawanyika kama visiwa karibu na pwani. Visiwa hivyo ndivyo ninavyoviamini kuliko dalili nyingine yoyote ya kandida. Vipele vikipasuka huacha kijiduara kidogo chenye ngozi inayobanduka pembeni, na watu wengi hukiona hicho wakadhani ni choa.

Hapa niseme jambo ambalo maelezo mengi huliacha. Tunaambiwa tutafute "wekundu", lakini kwenye ngozi nyeusi wekundu huo huonekana kama kahawia iliyoiva, zambarau au weusi tu. Usiukose ugonjwa kwa sababu hukuona rangi nyekundu. Angalia unyevu, magamba, ukingo na vipele, kwa maana hivyo havijifichi kwenye ngozi ya rangi yoyote.

Mtu mwenyewe pia anahisi tofauti. Choa kwa kawaida huwasha, hasa usiku na baada ya jasho, na ukijikuna unasikia raha ya muda mfupi. Kandida nayo huwasha, lakini wagonjwa wake husema zaidi kwamba inachonyota, inauma sabuni ikigusa, au inawaka wakitembea. Mama huyu hakuweza hata kujikuna.

Mahali penyewe pana ushahidi wake, ingawa si ushahidi wa kuamua kesi. Chini ya matiti na chini ya tumbo linaloning'inia, hamira au mchubuko wa jasho ndio wa kufikiriwa kwanza. Kinenani kwa kijana wa kiume anayetoka jasho sana, fikiria choa kwanza. Mtu mnene mwenye upele kinenani anaweza kuwa na chochote kati ya hivyo, au vyote viwili kwa pamoja.

Kabla hujaamua, tazama miguu. Nilimwambia kijana avue viatu, akashangaa. Kati ya kidole cha nne na cha tano ngozi ilikuwa nyeupe, imelowa, inabanduka. Huko ndiko choa chake kilikotoka. Mtu akivaa chupi kwa kupitisha miguu yenye fangasi, anaupandisha ugonjwa mwenyewe mpaka kinenani. Miguu yenye fangasi pamoja na nusu mwezi kwenye paja hunipa uhakika mkubwa kwamba ni choa.

Si kila mkunjo mwekundu una fangasi

Ngozi mbili zikisuguana kwenye jasho huchubuka zenyewe, bila kiumbe chochote. Mchubuko huo huwa sawa pande zote mbili za mkunjo, kama picha na kivuli chake kwenye kioo, hauna visiwa wala ukingo wenye magamba. Ukikaushwa vizuri siku chache hupoa bila dawa. Usipokaushwa, ndipo kandida hupata nyumba.

Kuna pia doa la kahawia, kavu, lenye magamba laini kama unga, lisilowasha sana, linalokaa kinenani au kwapani miezi na miezi bila kubadilika. Hilo mara nyingi ni la bakteria, na dawa ya fangasi inaweza isilitoe. Kliniki yenye taa maalumu ya mwanga wa urujuani hulimulika likang'aa rangi ya waridi iliyokolea kama marijani. Na upo ugonjwa wa soriasisi unaojificha mikunjoni: una mpaka ulio wazi, unang'aa, hauna magamba, na haupoi kwa dawa yoyote ya fangasi. Hivyo viwili vinahitaji mtaalamu wa ngozi, sitaviendeleza hapa.

Dawa: ipi inaua nani

Hapa ndipo tyubu ya familia ilipopotea njia. Terbinafini inaua fangasi wa choa vizuri sana. Kwa choa cha kinena hupakwa mara moja au mbili kwa siku kwa wiki moja hadi mbili. Dhidi ya kandida nguvu yake ni ndogo. Nistatini iko kinyume chake: inaua kandida, lakini haiwezi choa hata kidogo. Nimekutana na watu waliopaka nistatini kwenye choa miezi miwili wakidhani dawa ilikuwa feki.

Katikati ya hizo mbili ipo klotrimazoli ya asilimia 1, na ndugu zake mikonazoli na ketokonazoli za asilimia 2. Hizi zinafanya kazi kwa wote wawili. Kwa choa ni za polepole kuliko terbinafini, kwa hiyo zinahitaji wiki mbili hadi nne za kupaka. Ushauri wangu kwa mtu asiye na uhakika ni kuchagua klotrimazoli, mara mbili kwa siku, na asiache siku mwasho unapoisha. Mwasho huisha mapema, wakati fangasi bado yupo. Endelea walau wiki moja baada ya ngozi kuonekana safi.

Kama unatumia dawa ya kuyeyusha damu iitwayo wafarini, epuka mikonazoli mpaka uzungumze na daktari, hata ikiwa ni ya kupaka tu. Inaweza kuongeza nguvu ya wafarini na kuleta hatari ya kutoka damu.

Namna ya kupaka nayo ina uzito. Choa hupakwa kuanzia nje kuja ndani, ukivuka ukingo unaouona kwa sentimita 2 hivi, kwa sababu fangasi ametangulia mbele ya macho yako. Mkunjoni weka tabaka jembamba mno, mpaka krimu ipotee kwenye ngozi. Ikibaki nyeupe mkunjoni, umeongeza unyevu pale pale unapopigania ukavu. Kwa sababu hiyo hiyo chagua krimu au losheni badala ya marhamu ya mafuta mazito. Ile marhamu ya zamani yenye asidi ya salisili na asidi ya benzoiki ni nzuri kwa choa cha mguu au mkono, ila ukiipaka kinenani au chini ya titi lililochubuka itakuunguza.

Sasa ile ninayoiogopa. Zipo krimu zinazochanganya dawa ya fangasi, dawa ya bakteria na steroidi kali ndani ya tyubu moja. Zinapendwa kwa sababu mwasho hutulia ndani ya siku mbili. Kilichotulia ni kinga ya ngozi yako, si fangasi. Choa kilichopakwa steroidi hupoteza ukingo wake, hupauka, kisha hutambaa kwenda makalioni na tumboni kikiwa na sura ambayo hata daktari hushindwa kuitambua kwa haraka. Mkunjoni hatari ni kubwa zaidi, maana ngozi inayofunikana huifanya dawa izame ndani kama imefunikwa na kifuniko. Baada ya wiki kadhaa ngozi huwa nyembamba, na michirizi ya kudumu hutokea kwenye mapaja ya ndani au chini ya matiti. Michirizi hiyo haifutiki. Soma kwenye boksi: ukikuta betamethazoni, klobetasoli au deksamethazoni, iache kama hukuandikiwa na mtu aliyekukagua. Steroidi nyepesi ya hidrokotisoni asilimia 1, kwa siku chache tu na pamoja na dawa ya fangasi, daktari anaweza kuiruhusu pale kuchonyota kunapozidi.

Kukausha mkunjo, ambako ndiko kwenye nusu ya tiba ya mama

Choa hutaka dawa, na ukavu humsaidia mgonjwa kisirudi. Kandida ya mkunjoni ni tofauti: dawa bila ukavu hupunguza tu, na ugonjwa hurudi tyubu ikiisha. Kwa hiyo nilitumia muda mwingi zaidi na mama kwenye kukausha kuliko kwenye dawa.

Tulipanga hivi. Asubuhi na jioni anaosha mkunjo kwa maji ya uvuguvugu na sabuni laini kidogo, bila dodoki, na kusuuza mpaka utelezi uishe. Anakausha kwa kugusagusa na kitambaa laini, hasugui. Kisha analala chali, anainua titi au tumbo na kuacha hewa ipite dakika kumi. Feni ikiwepo inasaidia, na mashine ya kukaushia nywele inafaa kama imewekwa hewa baridi. Ndipo anapaka klotrimazoli kidogo, anasubiri izame.

Baada ya hapo anaweka kipande cha kitambaa cha pamba, chembamba na kisafi, ndani ya mkunjo. Watu wengi wanakijua kitambaa, lakini wanakiweka vibaya: wanakikunja na kukisukuma chote ndani. Kitambaa kilichofichwa chote hunyonya jasho na kukaa nalo, na saa mbili baadaye umelaza kitambaa kibichi juu ya kidonda. Ukingo wake lazima utokeze nje ya mkunjo, sentimita kadhaa, ili unyevu upande kwenye kitambaa na kutoka hewani kama utambi wa taa unavyopandisha mafuta. Kikiwa kimoja tambarare kinatosha, hakikunjwi mara mbili. Kinabadilishwa kila kikiguswa kikawa na unyevu, kwa mama ilikuwa mara tatu kwa siku. Karatasi laini ya chooni haifai, kwa sababu hulowa, hukatika na kubaki mkunjoni kama uvimbe mdogo unaosugua.

Sidiria yake ilikuwa na waya na kitambaa cha nailoni. Alibadilisha akavaa ya pamba inayobeba titi juu bila kubana, na nyumbani aliivua kabisa akabaki na kitambaa chake tu.

Poda aliipenda sana, na hapo tulibishana kidogo. Poda kwenye ngozi kavu kabisa, kidogo, inaweza kupunguza msuguano. Kwenye ngozi iliyolowa hugeuka tope, kisha tope hukauka na kuwa punje zinazokwaruza. Yake nilizikuta zimeganda ndani ya ule ufa. Aliacha poda mpaka apone. Ngozi ilipofunga tulimwonyesha kupaka krimu ya zinki oksidi, jembamba sana, siku za joto kali, ili ngozi mbili zisigusane moja kwa moja.

Jambo moja lilibaki. Mtu wa umri ule akiwa na kandida mikunjo mitatu kwa pamoja, napima sukari kabla hajaondoka. Sukari nyingi kwenye damu hulisha hamira na kudhoofisha kinga. Sukari yake ya wakati wowote ilikuwa 13.4 kwa kipimo cha milimoli kwa lita. Kipimo kama hicho kikifika 11.1 au zaidi kwa mtu mwenye dalili za kisukari, tunauchukulia kuwa ni ugonjwa. Kwa aliyelala bila kula, mpaka ni 7.0. Alikuwa akiamka kukojoa mara nne kila usiku na kudhani ni umri. Alianza matibabu ya kisukari juma hilo hilo.

Siku ya nne kuchonyota kulipungua. Mwisho wa wiki ya pili ufa ulikuwa umefunga na visiwa vimepotea. Akaendelea na klotrimazoli wiki moja zaidi. Kijana naye tulimpa kazi ya miguu: terbinafini kati ya vidole pia, taulo tofauti ya miguu, na kuvaa soksi kabla ya chupi ili vidole visiguse kitambaa kinachopanda kinenani. Alama nyeusi kwenye paja lake ilibaki miezi kadhaa. Alama kama hiyo, ikiwa tambarare, bila magamba na bila mwasho, ni kovu la rangi tu. Dawa ya fangasi haiifuti, na kuendelea kupaka ni kupoteza tyubu.

Lini uache kujitibu

Kandida ikipakwa dawa sahihi na kukaushwa, wiki mbili zinatosha kuona mabadiliko ya wazi. Choa kipe hadi wiki nne. Kama hakuna mabadiliko, nenda ukakwanguliwe magamba. Mpimaji hukwangua ukingoni, anaweka tone la haidroksidi ya potasiamu, na kwa hadubini anaona kama ni nyuzi za choa zenye matawi au chembe za hamira zinazochipua. Nenda kabla hujapaka dawa mpya, kwa sababu krimu ya juzi hufanya kipimo kionekane safi wakati ugonjwa upo. Choa kinachozidi kutambaa licha ya terbinafini iliyopakwa vizuri kinaweza kuwa cha aina iliyozoea dawa hiyo, na hicho hutibiwa kwa vidonge vya aina nyingine chini ya daktari.

Usisubiri wiki hizo kama ngozi ina joto, imevimba, inauma na wekundu unasambaa, au kama una homa, usaha au harufu kali. Hapo bakteria wameingia. Mjamzito anaweza kupaka klotrimazoli, ila asimeze vidonge vya flukonazoli kwa kujiamulia. Na upele wa titi moja tu, wenye ngozi iliyokuwa nene kama ganda la chungwa au chuchu iliyobadilika, upelekwe kwa daktari siku zile zile, hata kama mkunjo unaonekana kuwa na fangasi.